Picha ya Ratiba ya Khaira

Ijumaa, 10 Februari 2023

Khaira kanionyesha ratiba yao ya mtihani kwenye simu. Ratiba gani ile! Ukungu mtupu. Anasema Onesphory, kiongozi wa darasa lao, alituma faili zima kwenye grupu, ila simu ya Khaira imejaa, faili likakataa kufunguka. Mwenzake akapiga picha ya skrini akamrushia mwingine, yule naye akapiga picha ya ile picha. Kila ikihama inazidi kuchakaa. Na upande wa siku wameukata! Zimebaki tarehe na masomo.

Anasema mtihani wa takwimu ni tarehe 18. Nikamwambia hebu lete. Nikavaa miwani. Akaivuta kwa vidole viwili, ikazidi kuvurugika, vumbi tu. Nikasema mimi naona kama 13.

"Bibi, ni nane hiyo, imejifunga kote kote."

"Jumamosi mnafanya mtihani?"

"Tunafanya, Bibi. Vyumba havitoshi."

Bandani kwangu, boksi la biskuti likija na tarehe ya kuharibika iliyofutika, nashika ile ya karibu. Kama ni tatu au nane, kwangu ni tatu, natoa mzigo mapema. Hivyo sijamuua mtu miaka thelathini Kariakoo. Nilitaka kumwambia. Nikanyamaza. Mimi shule sikwenda, herufi nimezipatia ngumbaru na mtoto mgongoni. Yeye yuko chuo mwaka wa pili.

Tena Jumatatu nina kliniki ya presha, nataka mtu wa kukaa bandani.

Jumatatu, 13 Februari

Yarabi!

Nimetoka kliniki saa tisa, namkuta Khaira kakaa juu ya kreti, simu mkononi, mdomo wazi. Mteja anamuuliza bei ya maziwa ya unga, hasikii. Nikadhani kafa mtu.

Grupu lao linapiga kelele. Swali la tatu lilikuwa kali. Nani kamaliza. Nani kaacha mawili. Takwimu! Imefanyika leo, saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi mjukuu wangu alikuwa anapanga biskuti zangu.

Kampigia Onesphory. Kijana kashtuka kuliko sisi: "Khaira, nilikuona haupo, nikajua unaumwa!" Akamtumia ukurasa ule mmoja, safi. Jumatatu. Tarehe 13. Herufi zimesimama kama zimechongwa.

Hakulia. Afadhali angelia. Amefunga banda mwenyewe, kufuli moja baada ya jingine, kisha akaniuliza tunaenda wapi.

Jumanne, 14 Februari

Sijalala. Sheria yao nimeielewa sasa. Ukikosa mtihani bila sababu wanayoikubali, umeutoroka, unaondolewa chuo. Si kurudia somo — kuondolewa! Wakikubali sababu, unafanya mtihani maalumu siku za wale wa sapu, waliofeli wanaorudia. Barua ifike kwa mkuu wa idara ndani ya siku mbili, na ushahidi wake.

Clotilda wa chumba cha pili kaja na uji na maneno. Anamjua mtu wa zahanati, atatoa karatasi kuwa mtoto alikuwa na malaria jana. Mara moja, muhuri na kila kitu.

Nikamwambia, Clotilda, mama, uji nimeupokea.

Khaira kakasirika. Kasema Bibi, wewe uaminifu wako wa biskuti utanifukuzisha chuo! Nikamwambia keti, andika barua. Andika ulivyoona. Ambatanisha picha zote mbili, mbovu na nzima. Kaandika analia. Hapo ndipo kalia.

Sikumwambia jambo moja. Ile 18 ilinifaa na mimi. Ningeshikilia 13 yangu, nani angekaa bandani?

Jumatano, 15 Februari

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu wa idara. Naandika nyuma ya kadi ya kliniki.

Tumeingia. Mwanamume mpole, mvi nusu. Kanipa shikamoo, nikamjibu marahaba, mwanangu. Kasoma barua. Kachukua simu ya Khaira, kaitazama ile picha, akaivuta kwa vidole viwili. Akavua miwani. Akaivaa.

"Kumi na nane," kasema.

Moyo wangu! Kisha kaweka ule ukurasa safi pembeni yake. Halafu kauliza: ulipoona haisomeki, ulimuuliza nani?

Nikasema aliniuliza mimi. Na mimi niliona 13. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka mtu wa kuniuzia.

Khaira kageuka kanitazama kama hanijui.

Mkuu kasema si yeye wa kuamua, ni kamati, nao wameshakaa mle ndani. Kachukua barua, picha zote mbili, kaingia. Sisi nje. Khaira ameuacha mkono wangu tangu pale.

Mlango umefunguka. Wanamwita yeye peke yake.

Kasimama. Kapiga hatua mbili. Karudi, kanivuta kiwiko, anasema Bibi, inuka—