Sasa Banamuke Iko Babili

Kabwe mudogo wangu, jambo. Wacha kulia, mujukuu wetu Bea hataacha kazi.

Mu garaje alikuwa mwanamuke yeye peke. Akishika ufunguo wa boloti, bote banasimama kumuangalia. Mwanaume akiharibu: «Amechoka.» Bea akiharibu: «Banamuke ni vile!» Mpaka maji hakunywaka, juu akienda choo bote banamuona. Nilimugombeza Bea sana juu ya ile maji. Na shefu, mukubwa wa garaje, hakujua jina yake, anamuita tu «Mwanamuke!»

Leo nilimupelekea chakula, bukari ya muhogo. Mufundi mupya, Nadine, mwanamuke pia, alikuwa ameanza kazi asubui. Shefu akaita kwa nguvu: «Mwanamuke, kuya!» Bakaitika bote babili: «Abee?» Shefu akabauliza majina yabo. Nilicheka mpaka kitambala kikaanguka toka kichwa!

Salimia bote kwetu Lukafu. Kula, ulale muzuri.

Yaya yako, dada mukubwa