Kicheko cha Hayrat katika Mkanda wa Tatu

Hell-Ville, Nosy Be
3 Juni 1964

Mwanangu Chaher,

Nakusalimu salamu nyingi, na natumaini ile homa imekuachia. Mimi ni mzima, ila goti tu. Mariyama anatembea sasa, na kila anachokiona anakitia mdomoni.

Nimesikia ile filamu ya mashamba ya maua ya langilangi imefika Mahajanga, tena katika sinema hiyo hiyo unayofanyia kazi. Unakumbuka walivyokuja wale Wafaransa na mashine zao mwaka juzi? Walikodi nyumba yetu siku nzima kupiga ile sehemu ya harusi, wanawake wakimpaka bibi harusi liwa ya msandali usoni. Dada yako Hayrat ndiye aliyekuwa akisaga liwa. Hatukujua kwamba mwaka mmoja baadaye angefariki akimzaa huyu Mariyama.

Mwanangu, hatuna picha yake hata moja. Sasa nikifumba macho namwona vizuri mkono wake, lakini uso unakwenda na kurudi. Naogopa. Kamtazame kwa niaba yangu, kisha uniandikie kila kitu. Nasikia filamu itakuja huku baada ya huko, lakini mimi siwezi kungoja.

Nakuandikia kwa Kiswahili alichotuachia bibi yako wa Unguja, ili mtu wa posta asitusome.

Mama yako,
Koulsoum


Ampisikina, Mahajanga
15 Juni 1964

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Homa imeisha, nimerudi kazini. Goti lako lisugue kwa mafuta ya nazi yenye karafuu, usiwe mbishi.

Mama, nimeitazama filamu na Hayrat hayumo. Nyumba yetu inaonekana kwa nje, mlango unafunguliwa, na papo hapo tunajikuta mezani kwa yule Mzungu mwenye shamba, anakula samaki. Harusi hakuna. Niliduwaa. Mzee Daoudou, fundi mwenzangu wa mashine, alijifanya anatafuta kiberiti ili asinitazame.

Usiku wa pili nilikaa karibu na spika ndogo ya chumba chetu cha mashine. Mlango ukafunguliwa, Mzungu akatokea na uma wake, na nikasikia mwanamke akicheka. Ni kidogo mno, hakijatimia hata sekunde moja, lakini kile kicheko chake cha puani ningekitambua hata sokoni. Kimetoka katika uso wa Mzungu anayetafuna samaki! Nywele zilinisimama. Nimekisikia kila usiku tangu hapo.

Sikiliza nikueleze, maana si jini. Sauti ya filamu imechapwa pembeni mwa mkanda, mstari mwembamba. Lakini haikai ubavuni mwa picha yake. Imetangulia kwa picha ishirini, kwa kuwa mashine huonyesha picha juu na kusoma sauti chini kidogo. Basi mtu akikata kipande cha mkanda, mwanzo wa sauti ya kipande hicho hubaki nyuma, umeshikamana na picha za kabla yake. Ndiyo hiyo tunayoisikia. Picha zimeondoka na sauti yake ikasahauliwa.

Na hili lina maana kubwa. Kama wangekata kiwandani Paris, wangekata picha mbali na sauti mbali kabla ya kuchapa, na tusingesikia kitu. Nimeupitisha mkanda wa tatu wa filamu hii kati ya vidole vyangu taratibu, na pale penye mlango nimegusa kiungo cha gundi. Kimekatwa hapa hapa nchini, Mama, kwa mkasi. Kwa hiyo kipande kipo mahali. Nitakitafuta.

Mwanao,
Chaher


Hell-Ville
24 Juni 1964

Chaher mwanangu,

Salamu, na afya tunamshukuru Mungu. Barua yako niliisoma mara tatu. Kwamba mtoto wangu yuko huko akicheka ndani ya kinywa cha Mzungu! Nimekuwa nikiyarudia maneno yako jikoni peke yangu, wali umeungua mara mbili.

Usitafute tena aliyekata. Nilimsomea Assoumani barua yako, nikidhani shemeji yako atafurahi. Akainama. Akasema, "Mama, mimi ndiye niliyeomba." Alimwandikia mwenye sinema wenu, Bwana Fazul, kabla filamu haijaanza. Hayrat yumo kichwa wazi, mabega wazi, na liwa usoni, kama tulivyo sisi wanawake tukiwa peke yetu. Wale Wafaransa waliapa kwamba picha ni za Ulaya tu.

Nikamkaripia. Nikamwambia amemzika mwanangu mara mbili. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi: "Akiwa hai angejifunika. Sasa hawezi. Nani amfunike kama si mimi? Wanaume wa Mahajanga watoe pesa mlangoni, wamtazame mke wangu wakitafuna karanga?"

Siku nne sasa sijampelekea chakula. Ana haki, nami nina haki, na mtoto wangu ni mmoja.

Mama yako


Mahajanga
6 Julai 1964

Mama yangu,

Shikamoo, na umsalimie Assoumani. Usimnunie zaidi.

Nimezungumza na Bwana Fazul. Alinikalisha, akatoa kopo la bati chini ya kabati, na humo mna vipande viwili vilivyokunjwa, kila kimoja na karatasi yake: mkanda wa ngapi, baada ya picha gani. Filamu si mali yake. Ni ya kampuni ya Antananarivo inayoikodisha, na lazima airudishe na urefu ule ule aliopokea. Kwa hiyo kila anachokata hukiweka, na kabla ya kuisafirisha hukibandika tena.

Mama, kumbe hakuna mtu anayeona filamu hiyo hiyo! Nilikuwa sijui, na miaka minne naendesha mashine. Kamati ya ukaguzi kule Antananarivo ilitoa ruhusa kwa sharti: wakate pale wachumaji maua wanapogoma na msimamizi kumpiga mmoja. Hicho kimebaki kwao, hatutakiona, wala nyinyi. Bwana Fazul naye akapunguza karamu ya Mzungu katika mkanda wa nne, kwa sababu ilikuwa ndefu na asingeweza kuonyesha mara mbili kwa usiku. Hicho kimo koponi. Na cha pili koponi ni chake Hayrat. Baharia mmoja aliyeitazama Marseille ananiambia kule harusi ipo yote, ila wameondoa sala ya Ijumaa, wakaweka sauti ya mtu anayeeleza kila kitu, hata namna ya kula wali. Sasa najiuliza ni filamu ngapi zinazunguka duniani kwa jina moja.

Nilikinyanyua kile kipande dirishani. Nimemwona. Mdogo kama ukucha, mamia yake, mmoja chini ya mwingine, na kila mmoja amesogeza mkono kidogo tu. Nimelia mbele ya Bwana Fazul bila haya.

Sasa shida. Ili kuunga mkanda ni lazima ukwangue kidogo na kulaza ncha juu ya ncha, na kila kiungo kinakula picha. Amekwisha kupoteza mbili alipokatwa. Nikimbandika kwa ajili yenu, kisha mkamkata kwa ajili ya wanaume, kisha abandikwe tena filamu ikitoka kwenu kwenda Moroni, ataendelea kupungua kila bandari.

Nina wazo. Msaidié, fundi wa sinema yenu, aonyeshe mchana mmoja kwa wanawake tu, Hayrat akiwemo. Na usiku wa watu wote asikate. Kipande kikifika, azibe mwanga mbele ya lenzi na kuzima sauti ya ukumbini mpaka kipite. Watu watapiga miluzi gizani, basi. Lakini sitagusa gundi mpaka Assoumani aseme ndiyo; akikataa, kipande kitasafiri koponi. Nimlazimishe mtu aliye hai kwa ajili ya nani? Muulize wewe, Mama.

Mwanao Chaher


Hell-Ville
13 Julai 1964

Chaher,

Wote wazima. Assoumani amekubali, kwa sharti moja: usiku wa wanaume ataziba yeye mwenyewe.

Bandika, mwanangu. Bandika vizuri.

Mama yako


Hell-Ville
9 Agosti 1964

Mwanangu Chaher,

Salamu zisizo na idadi. Goti limepona, au nimelisahau.

Filamu imekuja. Alhamisi mchana tuliingia wanawake tu, ukumbi ukajaa mpaka wengine wakakaa chini. Msaidié hakuweza kuiacha mashine, anasema vile vijiti vya makaa vinavyowasha taa ya mashine vinataka kusogezwa kila mara, basi alikaa amelipa mgongo lile tundu la kutazamia, na mkewe Ansoifa kamsimamia kama askari. Picha ikififia alimpiga bega na kumwambia, "Ukungu, rekebisha."

Mlango wa nyumba yetu ukafunguliwa, na safari hii tukaingia ndani.

Chaher, nikuambie nini? Yupo. Mkubwa kuliko ukuta. Tunamkuta anacheka, jiwe la liwa limemponyoka; anasaga tena, anapangusa paji la uso kwa nyuma ya mkono na kujiachia mstari mweupe hapa juu ya nyusi. Nilikuwa nimesahau kwamba alipangusa hivyo. Mimi niliyemzaa, nimesahau! Fatoumia, aliyekuwa karibu naye siku ile, akapiga kelele, "Nitazameni nilivyokuwa mwembamba!" na ukumbi mzima ukacheka, na Hayrat akicheka pamoja nao. Halafu wimbo ukaanza kule juu na wanawake wakaupokea huku chini. Mimi sikuimba. Sikutaka hata kupepesa macho. Nilimwinua Mariyama amtazame mama yake, lakini yeye alikuwa akitazama nyuma, kule mwanga unakotoka, anajaribu kuushika. Sikumlazimisha.

Sasa uso hauendi na kurudi tena. Umetulia.

Usiku wa Jumamosi ulikuwa wa watu wote. Assoumani alipanda chumba cha mashine na kipande cha ubao alichokipima mwenyewe. Haya ameniambia leo, kwa sauti ndogo, akiwa amekaa barazani kwangu bila kuvua kofia. Kipande kilipofika, Msaidié akazima spika za ukumbini. Assoumani akauweka ubao chini, akaziba kwa kiganja.

Wanaume kule chini wakapiga miluzi na kubamiza viti. Yeye hakuwasikia. Ile spika ndogo ya chumba cha mashine ilikuwa haijazimwa, akamsikia Hayrat. Na mwanga ukamwangukia mkononi. Anasema hapo karibu na lenzi hakuna sura, ni weupe na kivuli tu vinavyotembea kwenye ngozi, na vuguvugu kidogo. Lakini alijua kila kivuli ni yeye, na vidole vyake havikutikisika mpaka Mzungu alipoanza kula samaki.

Kisha akaniomba nikuandikie. Filamu inakwenda Moroni. Mama yake mzazi yuko kule, na hajawahi kumwona mkwewe. Anasema Hayrat asikatwe tena, awe mzima kama alivyo, aonyeshwe kwa wanawake mchana, na Bwana Fazul awaandikie watu wa kule kuhusu usiku wa wanaume.

Atafutwe mtu mmoja wa kuziba kwa mkono, si kwa ubao. Na mwambieni atawadhe kwanza.

Mama yako,
Koulsoum