Mteremko Usioandikika

Thio, Kaledonia Mpya
14 Machi 1971

Dada yangu mpendwa Titaina,

Leo ni mwaka na miezi saba tangu nilipopanda meli pale Ahurei, nawe ukabaki gatini na kapu la viazi vya taro ulilosahau kunipa. U hali gani? Shemeji hajambo? Na shangazi Marere, kifua chake kimepata nafuu, au bado anahema kwa kupandisha mabega? Mimi mzima, ila mgongo. Vumbi jekundu la nikeli limeingia hadi kwenye mkate.

Barua yako niliipata. Ulisema pumzi ya shangazi inaisha, na kwamba hakuna mwingine hapo nyumbani anayeweza kuufungua wimbo wa ngome ya babu zetu, wengine wakamfuata. Ukataka nimwombe yule mwalimu wa muziki, Bi. Solange, auandike kwa noti, ili wasichana wa kijijini wajifunze kwenye karatasi. Nimefanya hivyo. Karatasi ninayo. Lakini soma kwanza, usije ukafurahi mapema.

Kila Jumapili tulikwenda kwake, mimi, Narii na wenzetu wa kisiwani kwetu Rapa walio hapa mgodini. Tuliimba, yeye akanasa kwenye mashine ya kanda, kisha akaandika. Shida ilianzia mwisho wa mstari wa kwanza. Unajua tunavyoshusha sauti pamoja na pumzi, wote, kama watu wanaotelemka mlima wenye utelezi huku wameshikana mikono. Yeye ana mistari mitano tu, na kila noti ikae juu ya mstari au katikati ya miwili. Sisi tunapita mle ambamo hana pa kuweka kitu. Akachora mstari wa kuinama. Nikamuuliza unainama hadi wapi, na kwa haraka gani. Akasema hapo ndipo penyewe, karatasi haisemi.

Miguno ya wanaume akaiandika kwa vijialama vinavyokatizana kama mkasi. Narii akamwambia, mama, huo ni uzio wa nguruwe, si mguno wangu. Tukacheka, naye akacheka. Kisha akauliza tunaanzia noti gani. Tukamwambia anayefungua huanzia pale koo lake lilipoamkia siku hiyo. Akauliza kwa nini Jumapili hii nimefungua tofauti na ile iliyopita, na ipi ndiyo sahihi. Nikasema zote. Akaweka kalamu chini, akajisugua macho. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, maana nilikuwa nawafikiria ninyi mnaosubiri.

Mwishowe alituomba tuimbe tukifuata kinanda, ili ahakikishe alichoandika. Kinanda hakitelemki, Titaina. Kinashuka ngazi, kidato kwa kidato. Tulitaka kumsaidia amalize, tukakifuata. Jumapili kadhaa tukakifuata. Kisha akawapa wanafunzi wake ile karatasi, wakaimba mbele yetu. Hawakukosea noti hata moja. Narii akaninong'oneza kwamba ni kama kumwona marehemu amevaa suti. Bi. Solange alimsikia, wala hakununa. Alituambia wazi kwamba karatasi humkumbusha aliyekwisha kuusikia wimbo. Asiyewahi kuusikia haimfundishi. Nilitaka kumuuliza mbona hakusema tangu mwanzo, lakini kusema kweli alisema, mimi ndiye sikutaka kusikia.

Kanda nayo usiifikirie. Rapa nzima nani ana mashine? Na hata ingekuwepo, ina namna moja tu, ya siku moja, tena ya sisi wenye mafua.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Juzi bwenini wenzangu walinitaka nifungue wimbo wa ngome, hakuna kinanda, hakuna mwalimu. Nikafungua. Tulipofika mwisho wa mstari, koo langu lilisimama kwenye kidato. Nikajaribu tena, likasimama palepale. Narii akanitazama, akasema, kaka, umekuwa kinanda. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alijaribu, akasimama niliposimama mimi. Mteremko umetutoka, dada. Nimeutafuta kazini, nimeutafuta bafuni, siupati, maana hapa hakuna wa kunivuta chini pamoja naye.

Kwa hiyo karatasi siitumi. Wasichana wasiione kabla hawajamsikia shangazi. Waketishe kando yake kila siku anapomenya taro. Asiimbe kama hawezi. Avume tu, nao waweke mikono mgongoni pake, wahisi pumzi inavyoondoka. Akifungua leo hivi na kesho vile, wasimuulize ipi sahihi.

Msalimie shemeji, na Narii anawasalimu wote. Mwambie shangazi asikate tamaa nami, na aniachie nafasi kwenye mkeka, miongoni mwa wasichana. Nimekwisha kumwarifu msimamizi kwamba naacha kazi. Nitafika kwa meli ya mwezi wa sita.

Ndugu yako,
Faana