Barabara Pana ya Chole

Chole, Mafia

Dada Zuhura, shikamoo. Nimefika salama, ila moyo hautulii. Leo mimi na bwana mpimaji tumepima barabara ya kutoka bandarini hadi boma la serikali, pana hata mikokoteni miwili itapishana. Kandokando patajengwa nyumba za mawe na chokaa tu, zilizoachiana nafasi, maana serikali inaogopa moto wa makuti. Wenye makuti wahamie nyuma.

Kigingi changu kiliangukia jikoni kwa Bi Mwanaidi, mjane anayekaanga samaki. Akanipa kipande cha samaki, kisha akauliza, "Huko nyuma, mwanangu, nimepimiwa wapi?"

Nikamuuliza bwana mpimaji. Akanionyesha ramani: mbele kuna mistari, nyuma karatasi tupu. Kumbe huko kuna ukanda mwembamba tu, kisha minazi ya tajiri isiyoguswa. Kila anayehamishwa atajibana kwa jamaa yake. Ndivyo mtaa wetu wa Dar es Salaam ulivyosongamana, kisha tukalaumiwa kwa uchafu.

Baada ya kazi, mimi na Bi Mwanaidi tulichukua kamba ya makumbi tukapima kichochoro wenyewe, ili wanaohamishwa wapate pa kupita huko nyuma. Majirani wanne walikubali kusogeza nyua zao. Wa tano alikataa. "Nisogee wapi, nikakae juu ya mnazi?" Nikakunja kamba. Kichochoro kimeishia ukutani kwake, na kesho nabeba tena mnyororo wa kupimia.

Nibusie mama mkono. Mungu awape nyote afya na nafasi ya kupumua.

Mdogo wako, Hamisi