Laini ya Marehemu

Jumamosi, mtaani Sakina.

Simu imenyamaza tangu mchana. Najua nani kaifunga.

Wiki hii nilikataa hela ya mkononi kwa sababu ya Zakaria, mdogo wake marehemu mume wangu. Kila siku anakuja kibandani, anafungua droo ya cherehani, anachukua. Nikasema wateja walipe kwa simu, akute nyuzi tu.

Mwanzoni mlio wa malipo niliupenda. Halafu ukanisaliti. Malipo yakiingia simu inalia, mguu wangu unasimama kwenye pedeli, yeye kwenye benchi anacheka. "Imeingia hiyo, shemeji. Nitolee." Nikamwambia sina hela.

Jana mama mmoja alifuata gauni lake. Kabla hajaweka namba ya siri akasoma jina lililotokea, asije akakosea: "Elibariki. Ndiye?"

Nikasema ndiye. Laini ni ya mume wangu, sikuwahi kubadilisha jina.

Zakaria akaacha kucheka. "Kumbe kaka bado anapokea hela? Msimamizi wa mirathi si mimi?"

Jioni nikakimbilia kwa wakala nitoe zote. Akasema hana hela ya kutosha, nije leo.

Leo Zakaria kawahi ofisi ya mtandao wa simu, na cheti cha kifo na karatasi ya mahakama. Laini imefungwa. Ada ya shule ya binti yangu Neema yote imo humo.

Nikaazima simu ya jirani nikampigia Zakaria, nikamwomba kabisa, Neema ni mtoto wa kaka yake.

"Si ulisema huna hela, shemeji?" Akakata.