Nywele Alizosuka Mama

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo huko, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tunapumua, hilo ndilo naweza kusema bila kukudanganya. Mama anakula vizuri. Tangu kiharusi, mguu wa kulia anauburuta na mkono wa kulia umelala tu. Ila wa kushoto, mdogo wangu, una nguvu za watu wawili.

Nimeshahamia moja kwa moja. Kule kwenye kiwanda cha uchapaji nimekabidhi funguo baada ya miaka kumi na tisa, wakaniaga kwa keki iliyokatwa vipande vidogo hata mdomo haujui kama umekula. Sasa nalala chumba chetu cha utotoni, kwenye kitanda kilekile, miguu ikichungulia nje.

Kumlisha si kazi, na kumlaza nimezoea. Kazi ni kuoga. Nikishika tu kifungo cha gauni lake, anakaza: "Toka, mwanangu. Mtoto haoni utupu wa mama yake." Namwambia mama, mimi ni mtu mzima, nina miaka arobaini na tatu. Ananiangalia kama nimetukana. Siku nyingine napita na kitambaa chenye maji usoni na mikononi, basi. Mgongo umeanza vidonda na harufu sikufichi.

Halafu kuna nywele zangu. Unajua hakuna aliyewahi kunisuka ila yeye, kila Jumapili ya pili, hata nilipokuwa na kazi yangu nilipanda basi kuja kukaa kati ya magoti yake. Sasa nazifunga mwenyewe mikia minne, maana kuzichambua tu ni nusu siku. Nikiinama kumnyanyua, ule mkono wa kushoto unakamata mkia na hauachii. Si ubaya. Mtaalamu wa viungo anasema mkono wa mgonjwa hushika kitu chochote unachokigusa, kama wa mtoto mchanga. Alinifundisha nisivute: nisogeze kichwa kuelekea mkono wake, nimpapase mgongo wa kiganja, kisha nifungue vidole nikianzia na kile kidogo.

Juzi sikupata nafasi ya kuanzia na kidogo wala kikubwa. Tulianguka wote wawili mlangoni mwa bafu. Yeye aliniangukia juu, hakuumia. Mimi nimebaki na kidonda nyuma ya sikio, ngozi ilitoka na nywele zake.

Nafikiria kuzikata. Nijibu.

Dada yako


23 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nimekaa juu ya rundo la mashuka ya hospitali kabla mashine haijamaliza kuzunguka. Mimi sijambo, kikohozi kimenichoka chenyewe kikaondoka. Pole sana, dada. Pole ya kuanguka na pole ya yote.

Lakini nywele usikate. Nakuomba. Funga kilemba, zibane juu, vaa kofia ya kuogelea ukitaka, nitacheka lakini sitamwambia mtu. Zile si nywele zako peke yako. Ni kazi ya mikono ya mama ya miaka arobaini. Ule mkono wa kulia hautasuka tena, na wewe unataka kukata alichobakiza?

Najua ni rahisi kusema nikiwa mbali. Najua. Nimewaomba likizo, msimamizi anasema nisubiri mpaka wapate mtu.

Usikate mpaka nije.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima na kazi haijakumaliza. Mama hajambo kidogo. Mimi nimechoka kiasi cha kusahau kama nimekula.

Nimezikata. Kilemba nilijaribu. Alikivuta, akakitupa, akakamata mkia uliokuwa chini yake.

Jirani alikaa naye asubuhi moja, nikaenda kwa kinyozi wa pale kona. Niliona bora yeye kuliko msusi, maana msusi angenibembeleza. Alinitazama kichwani, akauliza: "Umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Basi rudi kesho. Anayekuja na uso kama huo akishanyolewa hunilaumu mimi."

Nikamwambia kesho sina mtu wa kukaa na mama yangu, na nikamwonyesha nyuma ya sikio. Akapangusa kiti.

Alinieleza kila hatua, kama daktari. Nilikuwa nimeziosha na kuzikausha nyumbani, akasema vizuri, nywele kama zetu zikiwa mbichi hujikunja na kudanganya mkasi. Akazichana, akasuka upya mikia minne, akafunga kila mmoja uzi kwenye shina, akiacha upana wa vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Akakata katikati, baina ya uzi na kichwa, ili mkia utoke mzima usimwagike. Nilidhani itakuwa mara moja, kach. Wapi! Mkasi ulitafuna, ukatafuna, na nikausikia ndani ya mifupa. Mkia wa nne ulipotoka, kichwa kiliruka mbele chenyewe. Shingo ilizoea mzigo.

Kisha akachanua zilizobaki zikasimama, akapulizia spiriti kwenye meno ya mashine, akavalisha kichana namba sita. Alipita akipandisha, kinyume cha nywele zinavyoota, halafu akashuka namba nne. Kisogoni, pale zinapozunguka, alipita kila upande maana zina ukaidi wake. Nikamwambia ashuke zaidi, akakataa. Alisema karibu na ngozi nitaota vipele, na kuna sehemu ya kupumzisha: pembeni mwa paji kote ngozi ilikuwa nyororo, nywele zimekimbia. Kuvutwa kwa miaka mingi, akasema. Sikujua. Sikuwahi kujiona bila mikia.

Sikulia. Nilisikia upepo wa feni kwenye utosi, basi.

Mikia nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, iko kabatini.

Nilipoingia nyumbani, mama alinitazama muda mrefu. Akasema kwa adabu kabisa, kama anavyosema na mgeni: "Karibu. Unamtaka nani?"

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikujibu mara moja kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi.

Nilikuomba kitu kimoja. Sasa mama hakujui, umefurahi? Akili yake ilikuwa inaning'inia kwenye kamba chache, na wewe umechukua mkasi. Nunua nywele za bandia. Vaa, akuone.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Hasira zako nimezipokea na nimezikalisha mahali pake. Sikukuandikia mapema kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Lakini kuna jambo lazima ulijue.

Mama anaoga.

Siku ya pili baada ya kunyolewa, nilipeleka beseni nikijua ugomvi unakuja. Akauliza, "Wewe ndiye uliyeletwa kuniogesha?" Nikasema ndiyo. Akainua mkono wa kushoto mwenyewe ili nimvue. Mdogo wangu, nilimuosha mgongo, makwapa, chini ya matiti, kila pahali, kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikamkausha kwenye mikunjo, nikampaka mafuta. Hakukaza hata kidole. Kwa mgeni haoni haya. Vidonda vya mgongo vimekauka.

Na akioga anaongea. Ananisimulia habari zangu. "Binti yangu mkubwa ana nywele, wee, mpaka hapa. Mimi ndiye ninayemsuka. Wakati mwingine namkaza mno, anauma meno, halalamiki. Ni mtu wa kunyamaza yule." Juzi alinishika kiganja: "Akija usimwambie kwamba umeniosha. Ataona ameshindwa."

Nilienda kumwaga maji ambayo hayakuwa yamechafuka.

Nywele za bandia nilinunua, kwa ajili yako. Nikazisuka mikia minne, nikavaa asubuhi ya Jumapili. Alinijua kabla sijavuka mlango. Aliniita kwa jina langu la nyumbani. Alicheka, akauliza kwa nini nimechelewa, tukashikana mikono kama saa nzima. Kisha akajikojolea. Nilipotaka kumbadilisha, alijifunika shuka mpaka shingoni, akalia: "Si wewe. Mwite yule. Si wewe, mwanangu." Alikaa kwenye unyevu akinisukuma. Nikatoka, nikavua kichwa kile jikoni, nikarudi. Akasema, "Afadhali umekuja. Binti yangu hapaswi kuona mambo haya."

Kwa hiyo kila wiki ya tatu naenda kwa kinyozi, namba nne. Zikizidi hapo, anaanza kunikazia macho.

Sikuombi uelewe. Njoo tu.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Shikamoo, na habari za chumbani kwangu, nilikokutuma ukapumzike? Komeo la dirisha linataka kusukumwa juu kwanza. Natumai unalala. Lala. Uliponifungulia mlango wiki ile nilidhani nimekosea nyumba, si kwa sababu ya kichwa, kwa sababu ya macho.

Mama amenijua tangu siku ya kwanza. Nilijivuna sana, nakiri. Nikasema moyoni, si unaona? Jioni ile nilipeleka beseni. "Toka, mwanangu." Siku nne, dada. Nimembembeleza, nimeimba, nimekasirika. Jirani ndiye anayekuja kumwogesha sasa, na kwake anakubali shingo upande.

Jana aliuliza, "Yule mwenye kichwa kifupi yuko wapi?" Nikamwambia amepumzika. Akasema, "Ana mikono mizuri. Hanivuti." Baadaye kidogo: "Na dada yako, mbona hajaja kwa muda mrefu?"

Nilikaa pale nikikunja taulo lililokwisha kukunjwa.

Yale ya Aprili nayafuta. Nisamehe. Wapo tayari kunihamishia hospitali ya hapa, mwezi ujao. Tutakuwa wawili, nami nitapika, nitafua, nitamlaza. Lakini amua mwenyewe. Ukitaka kufuga nywele zako tena, ukitaka awe anakuita kwa jina, fuga. Mimi na jirani tutajua la kufanya.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na dirisha limefunguka. Nimelala siku tatu za mwanzo kama gogo, nikiamka kunywa maji tu. Wenzako wa dobini waliniletea chakula, watu wazuri.

Hapa zilikuwa zimeota. Wiki tano, nikizishika zinajaa vidoleni, na pembeni mwa paji kumeanza vinywele vipya, laini kama vya mtoto. Kila asubuhi nimesimama mbele ya kioo chako nikisema leo nitaamua. Nilimkumbuka mama Jumapili ile, tulivyoshikana mikono. Nikamkumbuka alivyojifunika shuka.

Leo asubuhi nimetafuta kinyozi wa mtaa huu. Kijana mmoja hivi, akaniuliza namba ngapi.

Narudi Jumatatu kwa basi la asubuhi. Mwambie mama yule mwenye kichwa kifupi yuko njiani, maji yawe ya vuguvugu. Na akiuliza habari za dada yako, mwambie hajambo, anamsalimu sana.

Dada yako