Kobe Aliyeomba Radhi Bila Kosa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimemdhulumu mama yangu, naye yuko kitandani hawezi hata kugeuka bila kushikwa. Mimi ni mtafsiri, nashinda ofisini nikigeuza matangazo ya kampuni, na juzi mama akaniomba niwatafsirie wajukuu zake hadithi moja kwa Kiingereza, watoto wa kaka yangu waliozaliwa ng'ambo, Kiswahili hawakijui, akasema, "Nataka waipate kabla sijaondoka." Ni fupi: Sungura mjanja anajifanya mgonjwa, Kobe anamhurumia, anamletea maji na chakula kila siku, kumbe akigeuka tu Sungura anarukaruka, mpaka Kobe anamfumania, baadaye Sungura anavunjika mguu kweli, anamwita, Kobe anasimama, anasema, "Pole, Sungura," anakwenda zake. Basi. Mama hataji funzo, funzo limo kwenye ile pole. Mimi nikaandika Sungura ana akili, na pole nikaifanya "sori" kama nilivyozoea kazini, nikawasomea kwenye simu, spika imewashwa, mama anasikiliza, yule mkubwa akacheka akasema Sungura ni kiboko, Kobe ndiye mbaya ila afadhali ameomba msamaha. Mama akaniuliza, "Wanasemaje?" Nikajibu, "Wameelewa, mama." Akatabasamu, akafumba macho. Tangu hapo sipati usingizi. Nimwambie nimvunje moyo, au nimwache aende na furaha ya uongo?

Binti wa Mwisho

Binti wa Mwisho, pole sana, na hiyo pole yangu usiitafsiri.

Lakini jamani, mtafsiri mzima! Pole tunampa yeyote anayeumia, hata kama hatukumgusa. "Sori" nayo huhurumia, ila mtoto akiisikia kwa mtu anayempa mgonjwa kisogo, ataona anakiri kosa. Umemtwika Kobe kosa la Sungura! Badala yake Kobe aseme, "Naona unaumia, lakini siwezi kukuamini tena." Na Kiingereza kina neno la mwenye akili na lingine la mwenye hila, chukua la hila. Rudia majina pia, kwa sababu "akamwambia" yetu ukiihamisha bila majina watoto hawajui nani kamwambia nani. Mahubiri usibandike mwishoni. Wacha wamwone Kobe akikokota maji kila siku, watajua wenyewe wa kuhurumiwa ni nani.

Kuhusu mama, acha kujifariji. Ulijiokoa wewe, hukumwokoa yeye. Hakuomba atabasamu, aliomba wajukuu waipate, na hawajaipata.

Leo hii ukae kitandani kwake umwambie, "Mama, nimekosea neno." Atanuna kidogo, mvumilie. Kisha muulize Kobe aliisema ile pole kwa sauti gani, ya hasira au ya uchungu. Wewe hujui, mimi sijui, na kwa hali uliyoieleza, si muda mrefu hutakuwa na wa kumuuliza.